Baruapepe ya kutafuta tarehe ya kikao cha bodi

*Mimi ni katibu muhtasi wa asasi moja hapa Dar. Bodi yetu ina wajumbe 11: mwenyekiti yuko Morogoro, makamu Zanzibar, mmoja Nairobi, mmoja Muscat, mmoja London, sita wako hapa mjini. Bajeti ya 2027 lazima ipite kabla Novemba haijaisha. Niliwaandikia "naomba mnijulishe mtakuwa na nafasi lini", nikapata majibu zaidi ya thelathini, kila mtu na siku yake, na wawili wakaanza kubishana humo humo. Katiba inataka taarifa ya siku 14 na akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe. Mwenyekiti ananiuliza tarehe kila asubuhi. Niandike nini?*

Dada yangu, swali lako la "lini mna nafasi" ndilo lililokuletea yote hayo. Ukiwauliza watu kumi na mmoja swali lisilo na mipaka, kila mmoja atajibu kwa lugha ya ratiba yake: huyu atasema "wiki ya pili isipokuwa Jumatano", yule "mchana mchana ni afadhali", mwingine "nitategemea safari". Majibu ya namna hiyo hayajumlishiki hata ukiyapata yote. Kwa hiyo yaache yalivyo, usijaribu kuyachambua. Anza upya kwa baruapepe nyingine, na kabla ya kuiandika fanya kazi kidogo ya simu na karatasi.

Jambo la kwanza ni kujua unatafuta tarehe ya aina gani. Makatibu wengi hutafuta siku ambayo kila mjumbe yupo, na kwa bodi ya watu 11 walio katika nchi nne siku hiyo haipo. Unachotafuta ni siku ambayo kikao kitakuwa halali na ajenda kuu itaweza kuamuliwa. Hayo ni mambo mawili, na yote yanapimika.

Uhalali ni akidi. Zaidi ya nusu ya 11 ni 6, si 5, na hesabu hiyo iandike pembeni ya daftari lako kwa sababu kuna siku mtu atakwambia "tano na nusu ni kama tano". Kisha soma katiba yenu uone inasemaje kuhusu mjumbe anayehudhuria kwa mtandao. Kama imetamka wazi kwamba anahesabiwa kuwa amehudhuria, vizuri. Kama iko kimya, ushauri wangu ni kuhesabu akidi kwa walioketi ukumbini peke yao, na walio mtandaoni uwachukulie kuwa nyongeza. Kuna wanasheria watakaokwambia ukimya wa katiba haukatazi, na huenda wana hoja, lakini bajeti si jambo la kulijaribia hoja. Mjumbe mmoja asiyeridhika na mgawo wa fedha akitaka kuupinga uamuzi baadaye, mahali pa kwanza atakapochungulia ni orodha ya mahudhurio.

Ajenda kuu kwenu ni bajeti. Jiulize ni nani asipokuwepo ajenda hiyo haiendi. Kwa kawaida ni mwenyekiti, au makamu wake kama katiba inamruhusu kuongoza, na mweka hazina. Hao wapigie simu kabla hujamwandikia mtu yeyote. Mwenyekiti mwombe siku tano au sita za Novemba anazoziweza, kisha mpelekee mweka hazina siku hizo hizo, achague tatu. Simu mbili, pengine nusu saa. Tarehe tatu zitakazobaki ndizo utakazozipeleka kwa bodi. Ndiyo maana kwenye baruapepe utaandika "kwa maelekezo ya Mwenyekiti". Kikao kinaitishwa na yeye, wewe unakipanga kwa niaba yake, na maneno hayo yanakupa nguvu ya kuwawekea wazee muda wa mwisho bila kuonekana umekosa adabu.

Sasa siku 14 za taarifa. Zihesabu kwa kurudi nyuma, na ukitaka kuwa salama usihesabu siku ya kutuma wala siku ya kikao. Tuseme tarehe tatu ulizobaki nazo ni Alhamisi 12, Jumamosi 14 na Jumanne 17 Novemba 2026. Kwa kikao cha tarehe 12, taarifa rasmi iwe imetoka Jumatano 28 Oktoba. Kwa tarehe 14, Ijumaa 30 Oktoba. Kwa tarehe 17, Jumatatu 2 Novemba. Tarehe ya mapema kuliko zote ndiyo inayokubana, kwa hiyo kura ya tarehe lazima iwe imefungwa siku kadhaa kabla ya 28 Oktoba. Ukituma Jumatatu 19 Oktoba na kufunga Ijumaa 23, unabakiwa na siku nne za kumtafuta asiyejibu na kuandika taarifa yenyewe. Hapo kumbuka Jumanne 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa nchini Kenya. Mjumbe wako wa Nairobi akinyamaza siku hiyo, yuko mapumzikoni tu.

Saa nayo ina mambo yake. Makamu anavuka kwa boti ya asubuhi kutoka Unguja, mwenyekiti anakuja kwa treni ya SGR kutoka Morogoro. Kikao cha saa 3 asubuhi kitawalazimu kulala Dar na asasi kulipia vyumba. Saa 4 inawatosha. Ijumaa usiiweke kabisa, maana kikao cha bajeti hakiishi kabla ya sala. Kwa mjumbe wa Muscat, Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko ya wiki, kwa hiyo Jumamosi yako "isiyo na kazi" kwake ni siku ya familia, kama Jumapili ilivyo kwa wengi hapa.

Mjumbe wa London ndiye wa kuangaliwa sana. Siku utakayotuma baruapepe, 19 Oktoba, Dar iko mbele ya London kwa saa mbili. Jumapili 25 Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, na tangu hapo tofauti inakuwa saa tatu. Akipiga hesabu kwa tofauti ya siku aliyosoma barua, ataamini saa 4 asubuhi ya Dar ni saa 8:00 kwenye simu yake, kumbe Novemba itakuwa 7:00. Atajiunga mkiwa mmeshamaliza yatokanayo. Usimwachie hesabu hiyo. Mwandikie saa ya kwake wewe mwenyewe.

Na hata kwa walio hapa Afrika Mashariki, andika saa kwa namna mbili: saa 4:00 asubuhi, na mbele yake 10:00 kama inavyosomeka kwenye simu. Ukiandika "saa 4:00" peke yake, kuna msaidizi wa mjumbe atakayeingiza 4:00 kwenye kalenda ya bosi wake, na bosi ataamshwa na kengele alfajiri.

Baada ya hapo ndiyo unaandika. Hii ni namna ambayo ningeiandika mimi:

> Yah: Tafadhali jibu kufikia Ijumaa 23 Oktoba: tarehe ya kikao cha Bodi, Novemba 2026
>
> Waheshimiwa Wajumbe,
>
> Kwa maelekezo ya Mwenyekiti, naomba majibu yenu ili tupange tarehe ya kikao cha Bodi cha kupitisha Bajeti ya 2027. Kikao kitachukua muda wa saa tatu, katika ukumbi wa ofisi, Dar es Salaam. Anayeshindwa kusafiri ataunganishwa kwa Zoom.
>
> Tarehe zinazopendekezwa ni hizi:
>
> A. Alhamisi, 12 Novemba
> B. Jumamosi, 14 Novemba
> C. Jumanne, 17 Novemba
>
> Kwa zote, kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi (10:00) kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi. Muscat itakuwa 11:00. London itakuwa 07:00, kwa kuwa saa za Uingereza zitakuwa zimebadilika tarehe 25 Oktoba.
>
> Naomba unijibu kwa kila tarehe neno moja kati ya haya: *ukumbini*, *mtandaoni* au *siwezi*. Mfano: A ukumbini, B siwezi, C mtandaoni.
>
> Mwenyekiti atachagua tarehe yenye akidi ukumbini na ambayo Mweka Hazina atakuwepo. Zikiwa zaidi ya moja, itachukuliwa yenye wajumbe wengi zaidi. Majibu yatafungwa Ijumaa 23 Oktoba, saa 10:00 jioni (16:00), na taarifa rasmi ya kikao pamoja na ajenda itafuata.
>
> Naomba tarehe hizi tatu mzishikilie kwenye kalenda zenu hadi mtakapopata taarifa hiyo.
>
> Baruapepe hii imetumwa kwa wajumbe wote 11. Jibu lako litanifikia mimi peke yangu.
>
> Wenu katika kazi,
> Katibu Muhtasi
> kwa niaba ya Mwenyekiti wa Bodi

Kuna vitu vichache humo ningependa uvione vizuri, kwa sababu ukiviondoa barua itabaki nzuri kwa sura tu.

Muda wa mwisho uko kwenye kichwa cha barua. Wajumbe wa bodi ni watu wenye barua mia kwenye sanduku lao na wengi husoma vichwa tu wakiwa kwenye gari. Kichwa kinachosema "Kikao cha Bodi" kinaonekana kama taarifa ya kusomwa baadaye. Kinachoanza na "Tafadhali jibu kufikia Ijumaa" kinajulikana papo hapo kuwa kinadai kitu.

Neno moja kwa kila tarehe, na si "chagua tarehe unayoipenda". Mtu akiulizwa anapenda ipi atakupa moja, na hutajua kama zile mbili nyingine haziwezi au hazipendi tu. Ukipata jibu la "C ingenifaa zaidi" mrudishie mara moja: "Ahsante, Mheshimiwa. Na A na B, ni *siwezi* au unaweza kama italazimu?" Mara nyingi utakuta anaweza. Ukumbini na mtandaoni nazo usizichanganye, maana akidi yako inategemea hilo.

Kanuni ya kuchagua imetajwa mapema, kabla mtu yeyote hajajua tarehe ipi itashinda. Hiki ndicho kifungu ninachokithamini kuliko vyote katika barua ile. Mjumbe atakayekosa kikao hatakuwa na la kusema kwamba tarehe ilipangwa kumkwepa, kwa sababu kigezo kilitangazwa siku ambayo hata wewe hukujua majibu. Mwenyekiti naye anakuwa na kitu cha kushika akipigiwa simu ya kubembelezwa.

Kuhusu kutuma: weka anwani yako mwenyewe kwenye `To`, na wajumbe wote kwenye `Bcc`. Mtu akibonyeza `Reply all`, jibu lake litakuja kwako tu, na zile barua thelathini hazitatokea tena. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mjumbe anapoeleza kwa nini hawezi, wakati mwingine anataja miadi ya hospitali au kesi ya mirathi. Hayo si ya kusomwa na watu kumi. Ila `Bcc` ina ubaya wake, kwamba mjumbe anaweza kudhani ameandikiwa yeye tu, na wazee wengine huona kama wamefichwa kitu. Ndiyo sababu ya ile sentensi ya "imetumwa kwa wajumbe wote 11". Usiiache.

Unaweza kuuliza kwa nini usitumie kura ya mtandaoni kama Doodle. Kama wajumbe wako wamezoea, itumie, itakupunguzia kuandika. Mimi kwa bodi yenye wazee kadhaa siipendi. Wengine hawafungui kiungo wasichokijua, na wanafanya vizuri. Wengine wakiona watano wameshachagua Alhamisi, nao wanachagua Alhamisi ili wasionekane wakorofi, kisha siku ikifika hawaji. Na kura ile inahesabu vichwa tu, haijui kwamba kichwa cha mweka hazina kina uzito ambacho cha mjumbe mwingine hakina.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kufunga, wakumbushe wale tu ambao hawajajibu, kila mmoja kwa jina lake, kwa mistari miwili: "Mheshimiwa, bado sijapata jibu lako la tarehe za kikao cha Bodi. Naomba A, B, C kwa neno moja moja kabla ya kesho saa 10:00 jioni." Usitume ukumbusho kwa wote. Aliyekwisha kujibu akikumbushwa ataona hujasoma jibu lake, na mwezi ujao atasubiri ukumbusho ndipo ajibu.

Tuchukue sasa kwamba Ijumaa jioni umechora jedwali lako, majina 11 kwa wima, A, B na C kwa mlalo, na majibu yako hivi.

Alhamisi tarehe 12, ukumbini wapo watano: mwenyekiti, makamu na wajumbe watatu wa mjini. Mtandaoni wapo wanne: Nairobi, Muscat, London na yule mjumbe ambaye ni mkuu wa shule, atakayejiunga kutoka ofisini kwake. Mweka hazina hawezi. Alikubali kwenye simu, lakini wakaguzi wamemhamishia siku, ndiyo maana hata uliyempigia lazima ajibu barua kama wengine. Mmoja, mzee wa hapa mjini, hajajibu.

Jumamosi tarehe 14, ukumbini watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mkuu wa shule. Mtandaoni watatu: makamu, Nairobi na London. Wanne hawawezi, yaani wa Muscat pamoja na wale watatu wa mjini ambao Jumamosi zao zimeshachukuliwa na harusi. Mzee yuko kimya.

Jumanne tarehe 17, ukumbini sita: mwenyekiti, makamu, mweka hazina na watatu wa mjini. Mtandaoni wawili: Nairobi na Muscat. Hawawezi wawili: London, ambaye atakuwa angani akisafiri, na mkuu wa shule, ambaye shuleni kwake kuna mtihani wa kidato cha nne na siku hiyo hatoki. Mzee yuko kimya.

Kwa kuhesabu vichwa, Alhamisi inashinda: watu tisa dhidi ya wanane. Lakini ukumbini ni watano tu, hakuna akidi ya uhakika, na mtu wa kuitetea bajeti hayupo. Mtakaa saa tatu mkiuliza maswali ambayo hakuna wa kuyajibu, kisha mtaahirisha. Jumamosi haifai hata kujadiliwa. Jumanne ina sita ukumbini na mweka hazina yumo. Kwa kanuni uliyoitangaza, ni Jumanne.

Ila sita juu ya akidi ya sita ni pembamba mno. Boti ikiahirishwa kwa upepo, kikao kimekufa na nauli za watu zimekwenda. Mimi hupenda ziada ya wawili juu ya akidi, na mmoja ndiyo kiwango cha chini kabisa ninachokubali. Hapa ndipo yule mzee aliyenyamaza anapokuwa mtu muhimu kuliko wote. Usimwandikie barua ya tatu. Mpigie simu, msalimie vizuri, umuulize kuhusu Jumanne tarehe 17 peke yake, usimsomee jedwali zima. Akisema atakuja, muulize kama atahitaji usafiri, kisha palepale mwandikie: "Shikamoo Mzee. Kama tulivyoongea kwa simu leo saa 5 asubuhi, nimekuandika *ukumbini* kwa Jumanne 17 Novemba." Kama baruapepe haifungui, mtumie kwa WhatsApp na uihifadhi picha ya ujumbe huo kwenye jalada la kikao. Sasa una saba.

Halafu mrudie mkuu wa shule, sasa kwa tarehe moja iliyokwisha kuchaguliwa. Mtu anayesema "siwezi" kwa kikao cha saa tatu wakati mwingine anaweza kwa saa moja. Muulize kama ataweza kujiunga mtandaoni wakati wa kipengele cha bajeti tu, ukimtajia saa. Hatakuongezea akidi ya ukumbini, lakini atatoa maoni. Akishindwa, na yule wa London pia, waombe wampelekee mwenyekiti maoni yao ya maandishi juu ya bajeti, ambayo yatasomwa kikaoni. Angalia tu wasije wakaelewa kwamba wanaweza kumtuma mtu awapigie kura. Mjumbe wa bodi hatumi mwakilishi isipokuwa katiba imeruhusu kwa maneno, na barua ya maoni haihesabiwi kuwa kura.

Halafu tuma taarifa rasmi. Usingoje hadi siku ya mwisho, tarehe 2 Novemba, wakati una uamuzi mkononi tangu Jumatatu 26 Oktoba. Hii sasa iende kwa wote waziwazi kwenye `To`, mwenyekiti kwanza, makamu wa pili, wengine kwa alfabeti ili asiwepo wa kuuliza kwa nini jina lake liko chini. Iwe fupi: tarehe imepangwa, ni Jumanne 17 Novemba 2026, saa 4:00 asubuhi (10:00), mahali ni hapa, kiungo cha Zoom ni hiki, ajenda imeambatishwa, makabrasha yatafika tarehe fulani. Andika sentensi moja ya kuziachia tarehe nyingine: "Tarehe 12 na 14 sasa hazihitajiki." Hii watu huisahau, na wajumbe wanabaki wameshikilia asubuhi mbili za bure, wakikuta hivyo hawatakushikilia tena mara nyingine. Usieleze nani alisema nini. Idadi inatosha: "Wajumbe saba wamethibitisha kufika ukumbini na wawili kwa mtandao."

Sambamba na barua hiyo tuma mwaliko wa kalenda kutoka akaunti moja tu, ya ofisi, ukiwa umechagua majira ya Afrika Mashariki. Kalenda ya yule wa Muscat itageuza saa yenyewe. Kikibadilika chochote, rekebisha mwaliko ule ule. Ukifuta na kuunda mpya utakuta nusu ya wajumbe wana vikao viwili kwenye simu zao, na wawili watakwenda kwenye kile kisichokuwepo.

Siku tatu baadaye utapata barua ya kwanza ya "nimepata dharura, tunaweza kusogeza hadi Jumatano?" Itakuja, jiandae nayo. Kabla ya kujibu, rudi kwenye jedwali: akiondoka huyu, ukumbini wanabaki wangapi, na je, ndiye mweka hazina au ndiye anayeongoza kikao? Kama akidi bado ipo na wahusika wakuu wapo, jibu ni hili, na halihitaji hata kumsumbua mwenyekiti:

> Mheshimiwa, pole kwa dharura. Tarehe imeshathibitishwa kwa wajumbe wote na akidi ipo, kwa hiyo kikao kitabaki Jumanne 17. Nimepokea udhuru wako na utaandikwa kwenye kumbukumbu. Kama utapenda kutoa maoni juu ya bajeti kwa maandishi, nitayafikisha kwa Mwenyekiti kabla ya Ijumaa 13.

Kama akidi inavunjika, hapo mpigie mwenyekiti siku hiyo hiyo. Tazama pia siku 14. Kusogeza kikao kwenda tarehe mpya ni taarifa mpya, na ukisogeza baada ya tarehe 15 Novemba, siku 14 hazitoshi tena kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kikao cha 30 Novemba kinataka taarifa ya 15. Baada ya hapo utabaki na njia ya azimio linalozungushwa kusainiwa na wajumbe wote, kama katiba yenu inalo, na kwa bajeti ni njia chungu kwa kuwa hakuna mjadala.

Na katika ajenda ya hiyo Jumanne, kabla ya mengineyo, mwombe mwenyekiti aingize kipengele cha ratiba ya vikao vya 2027. Nenda nayo ikiwa tayari, tarehe nne kwenye ukurasa mmoja, wakiwa wote wameketi na kalenda mkononi. Robo ya kwanza iangalie kwa makini. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari na Idd kuangukia karibu na 9 au 10 Machi, kutegemea mwandamo wa mwezi, na Ijumaa Kuu ni 26 Machi. Dirisha zuri hapo katikati ni kati ya tarehe 15 na 24 Machi, na kwa mwenyekiti wa Morogoro na makamu wa Unguja, Jumanne 16 au Jumanne 23, saa 4 ile ile.